Sukari ya Mia Mbili na Haki ya Kipimo

Kuna hesabu ambayo hupigwa mezani kwetu karibu kila Jumamosi jioni, tunaporudi kutoka kwenye kazi za kichungaji. Mmoja anasimulia kwamba mtaani alikopangiwa sukari inauzwa kwenye vifuko vya shilingi 200. Mwingine anakokotoa: kifuko kina gramu 55, kwa hiyo kilo moja inakwenda kwa zaidi ya shilingi 3,600, ilhali duka kubwa la barabarani linaiuza kwa 3,000. Wa tatu anatoa hukumu: anayelipa zaidi ni maskini, na anayemtoza ni jirani yake wa jumuiya.

Hesabu hiyo ni sahihi. Hukumu ndiyo tunayoipinga, na hatuipingi kwa kupenda ubishi tu. Katika parokia moja tunakofanyia utume limetolewa pendekezo kwamba kikundi kinunue magunia na madumu, kipime kidogo kidogo na kuuza bila faida, ili kuwaokoa wanyonge. Nia ni njema. Lakini katika mtaa huo wapo kina mama watatu wanaolea watoto kwa kazi hiyohiyo ya kupima. Kabla kikundi hakijawafungia genge, tunaomba hesabu ya mezani ipigwe mpaka mwisho.

Tuanze na gunia la sukari la kilo 50. Bei hubadilika kwa msimu na mahali, basi tutumie za mfano zilizo karibu na zile tunazozikuta. Mama analinunua kwa jumla kwa shilingi 135,000, yaani 2,700 kwa kilo. Usafiri hadi gengeni ni 2,000. Nyumbani anachota kwa kijiko, anapima, anafunga. Kila kilo inampa vifuko 18 vya gramu 55, jumla gramu 990. Gramu 10 zinazobaki humwagika, hunata kwenye kijiko na kwenye mishono ya gunia, au huliwa na sisimizi na watoto. Gunia zima linatoa vifuko 900, na vikiuzwa vyote vinaleta 180,000. Toa gunia, toa usafiri, toa vifuko vitupu ambavyo tuseme vimegharimu shilingi 5 kila kimoja, yaani 4,500. Kinabaki 38,500.

Mezani kwetu hesabu huishia hapo, na watu hutikisa vichwa. Sasa tuulize vifuko 900 vinauzwa kwa muda gani. Genge la mtaani likiuza vifuko 30 kwa siku, limefanya vizuri. Kwa hiyo gunia linamchukua mwezi mzima. Katika mwezi huo vifuko 20 hivi hubaki kwenye daftari la madeni bila kulipwa, na hapo 4,000 zimekwenda. Zinabaki 34,500 kwa siku 30, yaani shilingi 1,150 kwa siku. Hela hiyo haitoshi kununua nusu kilo ya sukari kwenye lile duka la barabarani. Na hatujahesabu kazi: akifunga kifuko kimoja kwa dakika moja, vifuko 900 ni saa 15 za kuketi akipima na kukaza mafundo, nje ya saa za kukaa gengeni.

Kwa upande wa mnunuzi, yule anayenunua kifuko kila siku amelipa shilingi 3,600 kwa siku 18, wakati angelipa 3,000 kwa kilo. Tofauti ni shilingi 600. Amenunua nini kwa 600 hizo? Kwanza, amenunua ruhusa ya kutokuwa na 3,000 leo. Kibarua anayelipwa jioni ana hela ya leo, na ndani ya hiyo kuna unga, mboga, mkaa na nauli ya kesho. Pili, amenunua ghala. Sukari inalala kwa mama wa genge, haimwagiki nyumbani kwake wala hailoani chini ya bati linalovuja. Na kuna jambo la tatu ambalo mama mmoja alitueleza akicheka: sukari ikiwa kilo nzima ndani ya nyumba, watoto wanajua, na wageni nao wanajua. Kikiwa kifuko, kinakwisha na chai yake. Watu wenye kabati la vyakula hatulifikirii hilo. (Seminarini sukari hutoka stoo, na hakuna kati yetu aliyewahi kuulizwa kama tumebakiza ya kesho.)

Mtakatifu Thomas, katika swali la 77 la Sehemu ya Pili ya Pili ya Summa, anakubali kwamba mfanyabiashara anaweza kutafuta faida ya kiasi, kwa mfano kwa ajili ya kuitunza nyumba yake, na kuipokea kama malipo ya kazi yake. Mama wa genge anaingia hapo bila kusukumwa. Amelivunja gunia kuwa vipande 900 ambavyo jirani anaweza kuvifikia, naye amelipwa shilingi 1,150 kwa siku.

Lakini katika swali hilohilo, makala ya pili, Thomas anageukia kitu kingine: kasoro katika kiasi. Anayeuza kwa kutumia kipimo anachojua kuwa ni pungufu anafanya udanganyifu, na anapaswa kurudisha. Tunaona kwamba wenzetu wangetazama huku, kwa kuwa katika biashara ya kupima bei hutamkwa hadharani, ila kipimo hakitamkwi. Mnunuzi anasema, "Nipe ya mia mbili," na kile atakachopewa ndicho hicho.

Ili tuone uzito wa jambo hili tuiache sukari kidogo, twende kwenye mafuta ya kula. Dumu la lita 20 limenunuliwa kwa shilingi 110,000. Linauzwa kwa kikopo ambacho mtaani wanakiita kipimo cha mia tano, nacho kinabeba mililita 80. Dumu linatoa vipimo 250, yaani 125,000, na faida kabla ya gharama nyingine ni 15,000. Sasa mama huyu ana mkono mwepesi, kila mara anaacha kikopo kifurike kidogo, mililita 4 tu. Vipimo vinashuka kutoka 250 hadi 238, mapato yanakuwa 119,000, na faida inabaki 9,000. Matone yale yamekula 6,000.

Kigeuze. Kikopo kimebonyezwa kitako, au kimebadilishwa na kingine kinachofanana nacho lakini kinabeba mililita 72. Mililita 8 hazifiki vijiko viwili vya chai, na hakuna jicho litakaloona tofauti ndani ya chupa ya mteja. Lakini dumu sasa linatoa vipimo 277, mapato yanafika 138,500, na faida inaruka kutoka 15,000 hadi 28,500. Bei haijabadilika hata senti. Bado ni mia tano, na anayesikia bei tu atasema biashara ni ileile. Wizi wa namna hii ni mwepesi kuufanya na mgumu kuuona, na ndiyo maana nabii Amosi, katika sura ya nane, anawashutumu watu wa kupunguza efa hasa, wale wanaosubiri sabato ipite ili wauze nafaka.

Upungufu mwingine si wa makusudi kabisa. Mafuta ni mazito, na asubuhi ya baridi huwa mazito zaidi. Yale ya mawese katika nyanda za juu huganda mpaka dumu liwekwe juani. Kikopo kikigeuzwa haraka, sehemu ya mafuta hubaki imenata ukutani mwake, na mteja anayafidia bila kujua. Mama mmoja mzoefu alituonyesha ishara yake: mafuta yakimiminwa hutoka kama uzi, halafu uzi hukatika na kuwa matone. Yeye hungoja matone yafike matatu au manne ndipo anyanyue kikopo. Anayenyanyua wakati uzi bado haujakatika amembakizia mteja deni ndani ya kikopo.

Kipimo cha mafuta mtu anaweza kukikagua kwa chupa ya maji ya mililita 500, iliyokauka vizuri. Kikopo cha mililita 80 kikimiminwa mara sita kinafika mililita 480, na mafuta yanakaribia pale ambapo maji huishia chupa ikiwa mpya. Kipimo cha saba hakiwezi kuingia chote, kitafurika. Kikiingia chote, basi kikopo kile hakina mililita 80. Hakihitajiki kifaa kingine.

Kwa vitu vikavu mtego uko pengine. Wapo wanaotumia kikombe kimoja cha plastiki kwa kila kitu: sukari, mchele, unga. Kikombe hupima nafasi, hakipimi uzito. Kikombe cha mililita 250 kikijazwa sukari na kusawazishwa kinabeba takribani gramu 210, na mchele ni karibu hivyohivyo. Kikijazwa unga wa mahindi uliochotwa bila kutikiswa, huenda usizidi gramu 150. Kigonge mezani mara tatu, unga utashuka, ongeza ujae tena, umefika 180 hivi. Kikombe ni kilekile na mkono ni uleule, lakini gramu 30 zimeamuliwa na kugonga au kutogonga. Kwa hiyo tukimsikia mtu anasema "robo" huku ameshika kikombe, tujue kwamba robo hiyo inaweza kuwa kweli kwa kitu kimoja na uongo kwa kingine. Nchini kwetu tumepiga kelele miaka mingi juu ya lumbesa, magunia yanayofungwa na kilemba juu ili mkulima apunjwe. Kikombe cha unga kisichotikiswa ni lumbesa iliyogeuzwa, na anayepunjwa ni mlaji.

Mizani ingemaliza ubishi, lakini si mizani yoyote. Ile ya mshale ya kilo 10, iliyozoeleka magengeni, ni nzuri kwa kilo na nusu kilo. Mistari yake imeachana mno kuweza kutenganisha gramu 50 na 55, na mshale ukitikisika kidogo kifuko kinaonekana sawa. Njia nyepesi ni kupima vifuko kumi kwa pamoja. Vikiwa vya gramu 55 kila kimoja, mshale utasimama kwenye gramu 550. Upungufu wa gramu 5 kwa kimoja unakuwa gramu 50 kwa kumi, na hapo hata mzee asiye na miwani anauona. Mizani ya biashara inapaswa pia kuwa imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa. Kumuuliza mwenye genge chapa iko wapi si tusi, ilimradi tumuulize kwa heshima, na tumuulize vilevile mwenye duka la barabarani.

Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, anagusia kwamba vipimo vya divai na nafaka havikuwa sawa kila mahali: vilikuwa vikubwa panapouzwa kwa jumla na vidogo panapouzwa rejareja. Ametaja hilo akipita tu, kama mfano wa mambo ya haki yanayotegemea makubaliano ya watu. Tulipolisoma darasani tulilipita haraka. Mtaani ndipo tulipoona uzito wake. Kipimo kuwa kidogo si kosa, maana watu wamekubaliana. Swali ni kama yule mnunuzi wa mia mbili naye ameshirikishwa katika makubaliano hayo.

Na hapo ndipo penye ugumu wenyewe, ambao hatuoni ukitajwa katika pendekezo la kikundi. Gunia likipanda kutoka 135,000 hadi 150,000, duka la barabarani linabadilisha bei ya kilo, basi. Mama wa genge hawezi. Bidhaa yake inauzwa kwa sarafu moja ya 200, na hakuna mtoto atakayetumwa na 220. Kwa kuwa bei haisogei, kinachosogea ni kipimo: kifuko cha gramu 55 kinakuwa cha gramu 50. Kwa hesabu ya fedha hajakosea, amepandisha bei kwa njia pekee iliyobaki wazi kwake. Lakini duka la barabarani limeandika bei mpya kwenye ubao, ilhali kifuko chake kinafanana na cha jana. Upandaji uleule wa bei ni tangazo kwa mmoja, na kwa mwingine unakuwa siri, hata kama hakukusudia kuficha.

Tulimwendea mmoja wa wale kina mama watatu, tukamsalimia, tukamwuliza kwa nini asiandike kwenye kipande cha boksi: ya 200 ni gramu 50, kipimo cha mia tano ni mililita 80. Alitusikiliza akiendelea kufunga.

"Mafrateri wangu," alisema, "kuandika si kazi. Lakini nikiandika hamsini, na mwenzangu pale hajaandika kitu, mteja atasema mimi napunja. Atakwenda kwa yule ambaye hajui anampa ngapi."

Ametuzidi hapo, na katika mtaa ule yeye ndiye mwenye kipimo kizuri. Ukweli unaosemwa na mmoja peke yake unamfukuzia wateja kwa asiyesema. Thomas, akijibu hoja katika makala ileile ya pili, anasema vipimo hutofautiana mahali na mahali kufuatana na wingi au uhaba wa vitu, na ni juu ya watawala wa mji kuvipanga. Mtaani kwetu hatuna mtawala atakayepanga gramu za kifuko cha mia mbili. Tunacho kitu kidogo zaidi: jumuiya inayokutana kila wiki, ambamo wauzaji wote watatu na wanunuzi wao hukaa kwenye mikeka ileile.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa parokia ni tofauti na la duka. Duka la kikundi litauza kwa 2,700 mpaka mtaji ukwame kwenye daftari la madeni, maana kikundi nacho kitakopwa, na pengine zaidi, kwa sababu mali ya parokia huonekana si ya mtu. Kuchangia gunia kungekuwa bora, lakini familia kumi zikigawana kilo 50, kila moja inapaswa kutoa 13,500 mara moja, na aliye na 13,500 mkononi hanunui sukari ya mia mbili. Labda ichangwe kwa wiki nne, kama 3,400 kila wiki, kwa wale wanaoweza. Wengine watabaki gengeni, na genge litahitaji kuwepo.

Fedha iliyotengwa kwa ajili ya magunia inunue mizani moja iliyohakikiwa, na kikombe kimoja chenye mistari ya mililita, vikae kwa mwenyekiti wa jumuiya. Mtu yeyote, muuzaji au mnunuzi, apeleke vifuko kumi au kikopo chake bila kueleza sababu. Na wale kina mama watatu waombwe, si waamriwe, kutundika maboksi yao siku moja, asubuhi moja. Yule tuliyezungumza naye amekubali kwa sharti kwamba asiwe wa kwanza. Wa pili anasema atafikiri baada ya kumaliza dumu alilonalo. Wa tatu bado hatujamfikia. Yuko ng'ambo ya mto, na Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha.